Trei mpya, si nyongeza

"Chakula cha bufee kikianza kupoa, si unaongeza cha moto juu yake tu?"

Hapana. Tuseme wali uliwekwa mezani saa 6:00 mchana, ukashuka chini ya nyuzi 60 za Selsiasi. Bakteria huanza kuongezeka, na baadhi huacha sumu isiyoharibiwa hata ukiupasha moto tena. Ukimwagia wali mpya saa 7:30, ule wa chini unabaki na umri wake, na mpya unachafuliwa. Ondoa trei nzima, lete nyingine safi. Pima joto katikati ya chakula, mvuke hudanganya. Kilichokaa kikiwa kimepoa kwa saa 2 kinatupwa. Kioo cha kinga? Huzuia mate ya wageni, hakiongezi muda.