Tanga hakuna baridi, boksi la printa la nini?

Kila nikimwambia mtu nimeifunika printa yangu ya 3D na katoni la friji anacheka, eti we jamaa uko Chumbageni, saa nne asubuhi jasho linakutoka, boksi la kutunza joto la nini tena. Na mi sina haki ya kumcheka yeye kwa sababu nilikuwa nasema hivyohivyo, mpaka nilipoharibu kava tatu mfululizo za dashibodi ya bajaji. Kava lenyewe ni refu milimita 160, kimo chake kama 70, na ilibidi liwe la plastiki ya ABS kwa sababu ile ya PLA inaanza kulegea ikifika nyuzi 55 au 60 hivi, na bajaji ikipaki juani mchana dashibodi inafika huko bila shida. Mara zote tatu kona moja ilibanduka kwenye bedi, ile sahani ya moto ambayo kitu kinajengwa juu yake, ile ya tatu ikapasuka na ubavuni, ufa kama wa ukuta. Sasa hizi ndo dhana nilizokuwa nazo, na ninazozisikia kwa wenzangu mpaka leo.

Dhana: kona zinabanduka kwa sababu ya baridi, huku pwani hakuna baridi, kwa hiyo tatizo ni bedi.

Ukweli ni kwamba plastiki haijui kama we unasikia joto. ABS inaganda kwenye nyuzi 105 hivi, na chumba changu kina nyuzi 30, kwa hiyo kwa plastiki hicho chumba ni baridi tu, tofauti ni nyuzi 75. Sasa ABS inasinyaa takribani 0.00009 ya urefu wake kwa kila nyuzi moja inayoshuka, piga hesabu ya kava langu:

```
160 mm x 75 x 0.00009 = 1.08 mm
```

Yaani kila tabaka linataka kufupika kwa milimita moja nzima, na lile la chini yake limeshafupika na halitaki tena kusogea, basi wanavutana. Mvutano unakusanyika kwenye ncha, na ncha inanyanyuka.

Lakini kilichoniumiza mimi hasa ni upepo, joto la chumba lilichangia tu. Hewa iliyotulia inajitengenezea kama blanketi jembamba kuzunguka kitu cha moto, upepo ukipita unalipeperusha hilo blanketi na upande mmoja unapoa haraka kuliko mwingine. Na sisi watu wa pwani tunaishi kwenye upepo, mchana bahari inavuma dirishani, kukiwa shwari unawasha pangaboi, na kwenye ofisi yenye kiyoyozi ndo mbaya zaidi maana kinakupigia hewa ya baridi kwenye mstari mmoja.

Kujua ni upepo au ni bedi, fanya hivi. Angalia ni kona ipi inabanduka. Kama zote nne zinanyanyuka kwa usawa, kasafishe bedi yako na upime umbali wa nozo, ule mdomo unaotoa plastiki. Kama ni moja tu na ni ileile kila siku, izungushe printa nzima, nyuma iwe mbele, print tena. Mi nilifanya hivyo, na kona iliyobanduka ikabadilika kwenye bedi lakini ikabaki kuangalia dirisha. Hapo hakuna ubishi tena. Kipimo kingine ni udi, washa kijiti kimoja printa ikiwa imezimwa, kishike usawa wa bedi afu tazama moshi. Ukipanda wima uko salama, ukilala ndo hivyo. Kwangu ulilala hata dirisha likiwa limefungwa, kumbe upepo unapita chini ya mlango.

Dhana: ongeza joto la bedi na gundi, itashika tu.

Nilipaka gundi mpaka kioo kikawa kama sahani ya uji, bedi nikaipandisha 110. Chini ilishika kweli, afu ufa ukatokea juu, kwenye kimo cha sentimita 4 hivi. Na hiyo ina sababu, joto la bedi halipandi mbali, sentimita chache tu kuelekea juu plastiki inabaki peke yake na hewa ya chumba. Gundi inazuia kona isinyanyuke, mvutano wenyewe haiondoi, kwa hiyo unatafuta pa kutokea pengine. Ufa kati ya tabaka na tabaka, juu kabisa mbali na bedi, hiyo ni alama ya hewa, usihangaike na gundi. Na hakikisha feni ndogo ya kupoozea plastiki imezimwa au iko chini sana kwa ABS, wengi wanaisahau ikiwa kwenye mipangilio ya PLA.

Dhana: boksi lazima liwe la kisasa, ukitengeneza mwenyewe halifanyi kazi.

La kwangu limenigharimu tepu na nusu siku. Printa ina bedi ya milimita 220 kwa 220, na ukihesabu bedi inavyokwenda mbele na nyuma pamoja na nyaya, nilihitaji nafasi ya sentimita 60 kwa 60, kimo 65. Nikapata katoni la friji dukani, lile lenye kuta mbili, nikakata likawa kama kofia isiyo na chini, unaifunika printa kwa juu na kuinyanyua ukimaliza. Mbele nikatoboa dirisha nikabandika nailoni ngumu inayoangaza, ile ya kufunikia meza, ubavuni nikakata mlango wa kuingiza mkono, na juu nikaacha kifuniko cha upana wa kiganja ambacho naweza kukifungua kidogo au sana. Thamometa nimeining'iniza ndani usawa wa nozo, naisoma kupitia dirishani. Usiiweke juu kabisa maana huko ndo joto linajikusanya, itakudanganya.

Kabla ya kuanza kuprint naiacha bedi ipashe hewa ya ndani robo saa, nozo ikiwa baridi ili plastiki isiungulie ndani yake. Mwanzo wa faili langu una mistari hii miwili:

```
M190 S105
G4 S900
```

Wa kwanza unasubiri bedi ifike 105, wa pili unakaa sekunde 900. Kwa sababu chumba chenyewe kina 30, ndani inafika 45 bila shida, na hapa ndo uzuri wa Tanga, tunaanzia mbali. Rafiki yangu yuko Lushoto, kule Julai usiku wanalala na mablanketi mawili, boksi kama langu lilimchukua karibu saa nzima na bado halikufika 40. Yeye ndo ilibidi aongeze stairofomu kwa nje.

Na usitegemee kwamba kusinyaa kutaisha. Hewa ikiwa 48 hesabu ya kava inashuka kutoka 1.08 mpaka kama 0.82, basi. Faida kubwa ni kwamba pande zote zinapoa kwa pamoja na taratibu, hakuna upande unaomvuta mwenzake. Kava la nne lilitoka na kona zote chini.

Dhana: kadiri ndani kunavyokuwa na joto ndo vizuri.

Hapana. Kwa printa za nyumbani mi naishia 50, ikizidi nafungua kile kifuniko cha juu. Pawa saplai na bodi zimeundwa kuvuta hewa ya kawaida ya chumba, ukizifungia kwenye 50 zinachemka, kwa hiyo zikae nje ya boksi. Kama yako imefungwa kwenye fremu, kuihamisha kunahusu waya za umeme wa ukutani, mpe fundi umeme, na mpaka atakapokuja baki chini ya 40.

Na PLA usiifungie kabisa. Huku kwetu chumba kina 30 au 32 tayari, ukifunga boksi inafika 40 haraka, plastiki inaanza kulegea kabla haijafika sehemu ya kuyeyukia, inavimba kwenye koo la nozo na kuziba, na utasikia gia inakwaruza tak tak tak bila kitu kutoka. PLA inataka kinga ya upepo tu, vipande viwili vya katoni vimesimama upande wa dirisha na wa mlango, juu wazi. Plastiki ya PETG nayo mi naifanyia hivyohivyo.

Dhana mbili zinazogombana: "karatasi itawaka" na "haiwezi kuwaka".

Bedi ya 105 haiwashi katoni, karatasi inahitaji zaidi ya nyuzi 200. Lakini nozo ya ABS inafanya kazi kwenye 240 hivi, na hatari halisi ni hita kuchomoka au waya uliolegea kuchemka, halafu printa inaendelea kusukuma umeme kwa sababu haijui. Programu nyingi za printa zina kinga ya hilo, ila baadhi ya printa za zamani za bei chee zilikuja bila hiyo. Kujaribu, zima na chomoa umeme, ondoa waya wa hita ya nozo kwenye bodi, ziba ncha zake, washa afu agiza nozo ifike 150. Baada ya muda mfupi printa isimame yenyewe, kwenye programu ya Marlin utaona `Heating Failed`. Kama inaendelea tu kusubiri kama hakuna kitu, usiiwekee boksi lolote.

Stairofomu, yale maboksi meupe ya kubebea samaki na barafu, inatunza joto kuliko katoni lakini mi siipendi karibu na printa. Ikikaribia nyuzi 100 inasinyaa, na ikishika moto inadondosha matone yanayowaka na moshi mweusi. Ukilazimika, iwe nje ya katoni, mbali na bedi. Na usiibandike na gundi ya viatu, niliwahi kufanya hivyo, nikarudi baada ya kunywa chai nikakuta shimo linakula ukuta mzima, kile kimiminika kinaiyeyusha. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

Vyovyote utakavyolijenga usiiache printa ikifanya kazi umelala, na usilale chumba hichohicho maana ABS ina harufu yake na si ya kuvuta usiku kucha.

Jambo moja nimelijifunza kwenye kava la tano. Lilitoka safi, nikafurahi nikanyanyua boksi papo hapo nilishike, upepo ukaingia, nikasikia tik. Kona ikabanduka kazi ikiwa imeshaisha. Sasa hivi naizima bedi, naacha boksi palepale mpaka bedi isome chini ya 50, kama dakika 40 hivi kwangu, mara nyingi kava linakuwa limejiachia lenyewe.