Marisawa hayayeyuki hewani

“Shotigani ukiwa mita 15 tu si kitu tena, marisawa yanatawanyika chumba kizima na nguvu inaisha.”

Hiyo ni hesabu ya gemu za video. Bunduki halisi yenye mtutu usiobanwa mdomoni hutawanya marisawa makubwa kwa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita. Chukua risasi yenye marisawa 9 na ubao wa sentimita 45 kwa 60. Mita 10, duara la mtawanyiko lina upana wa sentimita 25 hivi, kwa hiyo yote yanaingia, na bado unaweza kukosa kabisa usipolenga. Mita 20 duara linafika nusu mita, machache yanapita pembeni. Mita 40 ni kama mita nzima, na ubaoni hupata mawili au matatu.

Lakini hayo mawili bado yanaweza kuua. Kinachopungua haraka ni idadi inayogonga, si uwezo wa kila punje. Kweli, punje ya mviringo hupoteza kasi upesi kuliko risasi ya raifo, na marisawa madogo ya ndege huchoka mapema zaidi, ila hakuna mstari ambapo nguvu hukatika ghafla.

Gemu nyingi hukata mara mbili: zinapanua mtawanyiko, kisha zinapunguza madhara ya kila punje kadiri umbali unavyoongezeka. Sababu ni mizani ya mchezo tu. Ramani zenyewe ni finyu, na shotigani ya kweli ingeinyang'anya raifo kazi yake.