Vizio Kulingana Hakutoshi

“Vizio vikishalingana pande zote mbili, si jibu limeshakuwa sahihi?”

Hapana, vizio hukamata makosa ya aina fulani tu. Chukua nazi inayodondoka kutoka kilele cha mnazi wa mita 10 pale Nyali, tuuache upinzani wa hewa. Mwanafunzi anayetafuta kasi yake v inapofika chini, kwa kutumia kimo h na mvutano wa dunia g wa karibu 10 m/s², akiandika v = 2gh anapata 200 m²/s². Hiyo si kasi. Amesahau kipeuo cha pili, na vizio vimemuumbua. Lakini akiandika v = √(gh), anapata 10 m/s, na vizio viko sawa kabisa. Ile 2 haina kizio, kwa hiyo ikipotea vizio havina habari.

Hapo makadirio ndiyo yanayosaidia. Mvutano wa dunia huongeza kasi kwa karibu 10 m/s kila sekunde, hivyo nazi hufikia 10 m/s baada ya sekunde 1. Ilianza na 0, kwa hiyo wastani wake ni 5 m/s, na imeshuka mita 5 tu. Bado iko katikati ya mnazi! Jaribu √(2gh), yaani 14 m/s: sekunde 1.4 kwa wastani wa 7 m/s ni karibu mita 10. Kosa dogo, kama 14.2 badala ya 14.1, litapita hata hapa.