Makala inayoanza kwenye aya ya tatu

Rasimu nyingi za makala za elimu kwa umma zinazofika kwenye dawati letu la uhariri hapa Dar es Salaam huanza kusema jambo kwenye aya ya tatu. Aya mbili za juu zimejaa "katika dunia ya leo inayokwenda kasi", "katika zama hizi za sayansi na teknolojia", "ni ukweli usiopingika kwamba". Waandishi wenyewe si wavivu. Wengi ni madaktari, maofisa kilimo na wahandisi wa maji, watu wanaoijua kazi yao ndani nje. Ukizungumza nao kwenye korido wanakutajia jambo la maana kabla hujamaliza salamu. Wakikaa kwenye kompyuta wanaanza na dunia.

Tabia hii ina chimbuko. Shuleni tulifundishwa kwamba insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na mwanafunzi asiyejua cha kuweka kwenye utangulizi alianzia mbali, akisogea taratibu hadi ajaze mistari. Kisha kuna majukwaa. Mzungumzaji Mnazi Mmoja huanza kwa kuitambua meza kuu, mmoja baada ya mwingine, hadi aseme "itifaki imezingatiwa", na hakosei. Watu bado wanavuta viti, kipaza sauti bado kinakoroma, kwa hiyo maneno yanayopotea hapo hayamwumizi mtu. Msomaji hana kiti cha kuvuta. Yuko kwenye daladala ya Mbagala, kidole gumba kiko juu ya kioo, na ujumbe mrefu wa simu unamwonyesha mistari michache tu kabla ya kumtaka abonyeze ili asome zaidi.

Tuchukue mfano mmoja tuumalize. Nimeutunga mimi, lakini mhariri yeyote atautambua:

"Katika dunia ya leo inayokwenda kasi, homa ya dengue imeendelea kuwa changamoto kubwa kwa jamii, hivyo suala la usafi wa mazingira ni jambo lisiloepukika."

Toa "homa ya dengue" uweke "mikopo ya kausha damu", kisha toa "usafi wa mazingira" uweke "elimu ya fedha". Sentensi inasimama vilevile, haijapata hata mkwaruzo. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwanza, na kinachukua nusu dakika. Sentensi inayokubali mada yoyote haina habari ya mada hii, hata kama kila neno lake ni kweli.

Hapo wengi hukimbilia kutafuta maneno matamu zaidi. Sisi huenda kwa mwandishi na kumwuliza: msomaji wako anafanya nini leo ambacho unataka akifanye tofauti? Kwa dengue jibu linapatikana haraka. Watu wa Manzese, Tandale na kwingineko ambako maji hutoka kwa mgao huyaweka kwenye ndoo, madumu na mapipa. Wameshasikia kwamba maji yaliyotuama huzaa mbu, kwa hiyo humwaga yaliyobaki na kujaza mapya. Wanadhani kazi imekwisha, na hapo ndipo makala inapohitajika, kwa sababu mbu jike wa aina ya Aedes hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ukimwaga maji, mayai yanabaki yameng'ang'ania pale pale. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa siku maji yatakapopanda na kuyafikia.

Sasa sentensi za kuanzia ni tatu, na zote ni za kweli. Ya kwanza: "Homa ya dengue huenezwa na mbu." Ni fupi na safi, lakini msomaji wa Dar es Salaam analijua hilo tangu milipuko ya 2014 na 2019. Ya pili: "Mbu wa dengue huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi." Hii ni nzuri, ila inaahidi makala ya kujikinga na kuumwa. Ya tatu: "Kumwaga maji ya ndoo hakuondoi mayai ya mbu wa dengue, mayai yameshika kwenye ukuta wa ndoo na yatasubiri maji mengine." Makala yetu ni ya vyombo vya maji, kwa hiyo tunachukua hii. Sentensi inayoifuata inajileta yenyewe: sugua ukuta wa ndani wa chombo kwa brashi mara moja kwa wiki, kisha ukifunike vizuri, kwa kuwa kwenye joto la huku yai huchukua wiki moja hadi siku kumi hivi kuwa mbu anayeruka.

Tazama vitenzi. Kwenye rasimu ya mwanzo hakuna anayefanya kitu: kuna "changamoto", kuna "suala", kuna "jambo". Kwenye ile ya tatu mtu anamwaga, mayai yameshika, yanasubiri. Mwandishi akinyang'anywa "suala la" na "umuhimu wa" kwenye mstari wa kwanza, analazimika kusema nani anafanya nini, na mara nyingi hapo ndipo anapogundua kwamba bado hajaamua anachotaka kusema.

Msomaji akibadilika, sentensi nayo inabadilika. Makala hiyohiyo ikiandikwa kwa wauzaji wa maduka ya dawa, ndoo inasubiri. Tunaanza: "Mteja mwenye homa unayoshuku ni dengue usimuuzie aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu." Habari za paracetamoli na za kumpeleka hospitali zinafuata.

Dawa hii ya uandishi ina madhara yake. Mwandishi akiambiwa aanze na jambo mahususi, wengine hutunga mtu: mama mmoja wa Kariakoo, jua la utosi, jasho linamtiririka. Kama mama huyo hayupo, mfute. Msomaji akishtuka kwamba umemtunga, ataanza kuyatilia shaka na mayai ya mbu. Wengine huchomeka takwimu isiyotumika tena mahali popote chini yake. Wengine huuliza "Je, wajua?", ambalo kwangu ni kubisha hodi kwenye mlango uliokwisha kufunguliwa, taja tu unachotaka ajue. Na kuna lile kosa la ofisi zetu, la kuanza na jina la kitengo, wadau walioshirikiana nacho na cheo cha aliyezindua kampeni. Hayo ni mahususi kabisa, lakini yanawahusu waandaaji. Yapeleke mwisho.

Historia haitupwi. Milipuko ya 2014 na 2019 ina nafasi yake kwenye aya ya nne au ya tano, msomaji akishajua aufanye nini ukuta wa ndoo yake na akianza kujiuliza kama tishio hili ni la kweli. Ikikaa juu, inamchelewesha. Ikikaa pale, inamjibu.

Na si kila andiko linahitaji haya. Tangazo la zabuni, notisi ya kisheria na salamu za rambirambi zina mwanzo wake uliozoeleka, na anayezisoma anautegemea ili ajue mara moja ameshika karatasi gani. Hizo zikifika kwenye dawati letu, mstari wa kwanza hatuugusi.