Umelipa milioni 84, bado unadaiwa milioni 87

Nafanya kazi ya mikopo ya nyumba, na karibu kila mteja anayefika mwaka wa tano huja na hasira zilezile: "Nimewalipa pesa karibu yote mliyonipa, deni lingine limetoka wapi?"

Dhana: deni lililobaki ni mkopo ukitoa nilicholipa.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 100, riba asilimia 15 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, miaka 15. Rejesho ni 1,399,587 kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 1,250,000, kwa hiyo deni lenyewe linapungua kwa 149,587 tu. Baada ya miaka mitano umeshalipa karibu milioni 84, na salio ni milioni 86.75. Hakuna aliyekuibia. Deni linashuka hadi nusu ukiwa umeshapita miaka 11, kisha miaka minne ya mwisho ndiyo inayomaliza nusu iliyobaki. Yote haya yamo kwenye ratiba ya marejesho uliyopewa siku ya kusaini, ile uliyoikunja ukaiweka kwenye bahasha ya mkataba.

Dhana: nikiongeza pesa, muda unapungua wenyewe.

Hii ndiyo inayonichosha. Mtu kauza kiwanja, kaweka milioni 10 kwenye akaunti inayokatwa rejesho, kaondoka ameridhika. Mwaka mzima baadaye anauliza muda umepungua kwa kiasi gani. Haujapungua hata siku moja. Zile pesa zimekaa kwenye akaunti yake, benki inachota rejesho lilelile kila mwezi, na riba inaendelea kuhesabiwa kwenye salio zima kana kwamba hajaleta kitu. Akaunti yako ni kitu kimoja na akaunti ya mkopo ni kitu kingine. Pesa haivuki bila maagizo yako.

Na hata ikivuka, kuna swali la pili ambalo watu hawaliulizi: benki ipunguze rejesho au ipunguze muda? Turudi kwenye mfano wetu. Umefika mwisho wa mwaka wa tano, umebakiwa na marejesho 120, na zile milioni 10 zimeingia kwenye deni. Salio sasa ni milioni 76.75.

Ukikubali rejesho lipungue, utalipa kama 1,238,000 kwa mwezi, lakini miezi inabaki 120 ileile. Riba unayookoa mpaka mwisho ni milioni 9 na kitu. Ukiendelea na rejesho lako la zamani na kutaka muda ndio upungue, unamaliza kwa marejesho 93 na kipande kidogo cha 94. Hapo umejiondolea zaidi ya miaka miwili, na riba uliyookoa inapita milioni 27. Pesa ni ileile, siku ni ileile. Kilichotofautiana ni mstari mmoja kwenye barua.

Kwa hiyo andika barua: taja namba ya mkopo, kiasi, kwamba kinapunguza deni la msingi, na kwamba rejesho libaki lilivyo ila muda upungue. Kisha usitoke bila ratiba mpya. Angalia tarehe ya rejesho la mwisho. Kama ni ileile ya zamani, barua yako haijafanyiwa kazi. Anayetaka kutuhakiki aandike hivi kwenye Excel, atapata 93.1:

```
=NPER(0.15/12,-1399587,76750000)
```

Asiye na kiwanja cha kuuza anaweza kuongeza 200,000 kila mwezi kuanzia mwaka wa sita. Miezi 120 inakuwa 92. Ila hakikisha maagizo ni ya kudumu, la sivyo tunarudi kwenye hadithi ya pesa kulala kwenye akaunti.

Dhana: nitaongeza baadaye, mambo yakikaa sawa.

Milioni 10 hizohizo ukizipeleka mwisho wa mwaka wa kumi zinakupunguzia miezi 13, siyo 26. Riba ya miaka mitano umeshailipa, hairudi.

Dhana: kulipa mapema hakuna gharama.

Inategemea mkataba. Mingine inatoza asilimia fulani, mingine inataka taarifa kabla. Soma kifungu hicho kwanza. Na kama riba yako inabadilika na soko, hesabu zote hapo juu zifanye upya riba ikipanda, kwa sababu baadhi ya benki huacha rejesho lilivyo na kurefusha muda.

Dhana: salio la kwenye taarifa ndilo la kufungia mkopo.

Siyo. Riba inatembea kila siku tangu rejesho la mwisho. Omba kiasi cha kufungia mkopo kwa tarehe maalumu, na ulipe tarehe hiyo. Ukichelewa wiki, omba kingine.