Rekodi ya simu haisikiki vizuri? Fanya haya kabla hujampelekea mnukuzi

Juzi kati mwanafunzi mmoja wa utafiti alituletea hapa kitengo cha sauti faili ya mahojiano ya simu, dakika 12, yeye alikuwa chumbani kwake Dar anaongea na mkulima wa korosho aliyeko Newala. Akasema mwalimu naomba unisaidie, mnukuzi amenirudishia kazi imejaa [haisikiki], na pale alipoandika kaandika "samani ya korosho", halafu mwenyekiti wa kikundi kamwandika Faida wakati mimi nakumbuka mkulima alisema Saida. Nikamwambia mdogo wangu tukae tusikilize wote, kwa sababu hayo makosa mawili yanatuambia karibu kila kitu kuhusu ugonjwa wa hiyo rekodi.

Simu ya kawaida haipitishi sauti yote ya mtu. Inapitisha kuanzia kama Hz 300 mpaka Hz 3400 basi, chini ya hapo na juu ya hapo inakatwa. Uzito wa sauti ya mwanaume uko chini, kwenye Hz 100 na kitu, kwa hiyo simu inaukata kabisa lakini huoni shida, sikio linaujenga lenyewe kutokana na milio ya juu yake ndo maana bado unajua anayeongea ni baba mtu mzima. Shida iko juu. Ile hewa ya herufi s nguvu yake kubwa iko juu ya Hz 4000, yaani nje ya mlango, na f na th nazo ni hewa dhaifu iliyosambaa, sasa ukikata juu zote tatu zinabaki kama pumzi fupi zinazofanana. Sh inapona kidogo kwa sababu inaanzia chini zaidi, kwenye Hz 2000 na kitu. Irabu ndo zinapita vizuri, na Kiswahili kina irabu nyingi kwa hiyo kwenye sentensi ya kawaida mnukuzi anajiokoa. "Samani ya korosho" angetulia angejua ni thamani. Lakini Saida na Faida yote ni majina ya watu, hakuna sentensi itakayomwokoa hapo.

Sasa swali ambalo watu wote wananiuliza ni je, naweza kuirudisha hiyo s? Hapana, haikufika. Kuna programu zinazotengeneza masafa ya juu upya ili simu isikike kama studio, na kweli inasikika tamu, ila ile s unayoisikia imebuniwa na programu na inaweza kuibuni hata mahali mtu alisema f, kwa hiyo kwa kazi ya unukuzi mimi sizitumii kabisa. Tunachoweza ni kuondoa vitu vinavyofunika kile kilichofika, na kilichofika ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Mfano ni huo huo wa Saida. Ulimi ukitoka kwenye s kwenda kwenye a unaacha alama mwanzoni mwa irabu, na midomo ikitoka kwenye f inaacha alama tofauti, ni kitu cha sehemu ndogo sana ya sekunde lakini kiko ndani ya mlango wa simu, kati ya Hz 1000 na 2000 hivi. Hiyo alama ikiwa wazi sikio linaweza kuamua hata kama hewa yenyewe ya s haipo.

Tukarudi kwenye faili. Kwanza tukaiangalia imeandikwaje, maana huwezi kutibu usichokijua. Tulitumia ffmpeg na mwenzake ffprobe, programu za sauti unazoziendesha kwa kuandika amri.

```
ffprobe -hide_banner asili.wav
ffmpeg -i asili.wav -lavfi showspectrumpic=s=1200x4096:mode=separate picha.png
```

Ya kwanza ikasema ni Hz 44100, stirio. Mtu akiona 44100 anafurahi anadhani ana rekodi ya maana, lakini ile picha ikaonyesha ukweli: kwenye chaneli ya kulia sauti ya mkulima inaishia pale 3400 kama imekatwa na panga, juu yake ni ukungu tu wa mchakacho wa saundi kadi. Na huku chini kabisa kuna mistari ya kulala, Hz 50, 100, 150, inaanzia dakika ya 4 mpaka mwisho. Nikamuuliza dakika ya 4 ulifanya nini? Akafikiri akasema betri ya laptopu ilikuwa inaisha nikachomeka chaja. Basi ndo hiyo, umeme wetu unakwenda kwa Hz 50 na waya aliotumia kuunganisha simu na laptopu umeubeba.

Jambo kubwa zaidi likawa kwenye zile chaneli mbili. Kushoto ilikuwa maikrofoni yake mwenyewe pale chumbani, kulia ndo laini ya simu. Chumbani kulikuwa na feni. Mnukuzi alikuwa anasikiliza kwa spika ya simu yake, chaneli zote mbili zinachanganyika pale, kwa hiyo muda wote mkulima anaongea kutoka Newala alikuwa anafunikwa na feni ya Dar! Hapo hujagusa filta yoyote, ukizitenganisha tu chaneli nusu ya tatizo imeisha, na kwenye hii faili ndo hatua iliyosaidia kuliko zote. Ndo maana nasema kabla hujafungua programu yoyote ya kusafisha sikiliza kwanza kushoto peke yake, halafu kulia peke yake, kwa hedifoni.

Tukamtoa mkulima kwenye faili yake hivi:

```
ffmpeg -i asili.wav -af "pan=mono|c0=c1,highpass=f=250,highpass=f=250,lowpass=f=3600,equalizer=f=2600:t=q:w=1:g=4,dynaudnorm=f=250:g=11:m=6" -ar 16000 -c:a pcm_s16le mkulima.wav
```

Nieleze maana mtu akinakili tu bila kujua atakuja kuharibu faili nyingine. c0=c1 inachukua chaneli ya kulia peke yake (kushoto ingekuwa c0=c0, ukikosea utapata feni). highpass nimeiweka mara mbili kwa makusudi, moja peke yake ni mteremko wa polepole na ule mlio wa Hz 150 unabaki, mbili zinaushusha vizuri, na hatupotezi kitu kwa sababu chini ya 300 simu haikuleta sauti ya mtu. lowpass inapunguza ule mchakacho wa juu ambao hauna neno hata moja. equalizer inanyanyua desibeli 4 kuzunguka Hz 2600, hapo ndo kuna mabaki ya konsonanti, na msiende mbali zaidi ya 6 maana sauti inaanza kuchoma sikio na mnukuzi anayesikiliza kwa saa tatu anachoka mapema.

Ile ya mwisho, dynaudnorm, ndo inasawazisha. Mzee wetu alikuwa akichangamka anaongea kwa nguvu, akifika kwenye bei anashusha sauti kama anakwambia siri, na bei ndo mwanafunzi alikuwa anaitafuta. m=6 maana yake pale panapofifia paongezwe mpaka mara 6 basi, isizidi. Lazima ikae nyuma ya filta, ukiitanguliza itaupima mlio wa umeme ikadhani ni sauti ya mtu na itakosea kusawazisha. Dalili kwamba umezidisha ni hii, mtu akinyamaza unasikia mchakacho unapanda polepole kama wimbi halafu akianza kuongea unazama, ukisikia hivyo shusha m mpaka 3.

Mmeona sijaweka kipunguza kelele. Mwanafunzi alikuwa tayari ameshajaribu nyumbani, akasukuma mpaka mwisho, akaniletea toleo limetulia kama liko kisimani, feni hakuna, mchakacho hakuna, na pale kwenye jina la mwenyekiti sasa ukisikiliza unapata "aida". Herufi yote imeondoka. Sababu ni kwamba s na f zenyewe ni kelele, ni hewa tu inayopita haina mlio, na kipunguza kelele hakijui kutofautisha hewa ya mdomoni na hewa ya feni, inafagia vyote. Kwenye simu ambapo konsonanti zimeshakatwa nusu hilo ndo linamaliza kazi. Rekodi iliyosafishwa sana inampendeza anayesikiliza mara moja, lakini idadi ya maneno anayoyapata mnukuzi mara nyingi haipandi, wakati mwingine inashuka. Ukiona lazima utumie, desibeli 6 zinatosha, na ukianza kusikia vilio vidogo vya majimaji nyuma ya sauti ujue umepitiliza.

Jinsi ya kujua kama umesaidia au umeharibu, usijiamini wewe, wewe umeshaisikiliza mara kumi na ubongo wako unajaza. Kata dakika moja ngumu, mpe mtu ambaye hajawahi kuisikia aandike kutoka toleo lililotengenezwa, mwingine aandike kutoka la asili, halafu hesabuni [haisikiki] za kila mmoja. Sisi tulimpa dada mmoja wa ofisi ya jirani, thamani akaipata hapo hapo bila kuuliza. Saida ilimchukua muda, ikabidi tumkatie kile kipande tukipunguze mwendo kwa atempo=0.8 akirudie rudie, mwisho akasema hii sio f, midomo haikukutana na meno hapa. Na bado tuliandika Saida na alama ya kuuliza mpaka mwanafunzi alipompigia mzee kuthibitisha, kwa sababu sikio la mtu mmoja kwa jina la mtu halitoshi.

Kuna vitu havikupona. Sekunde kadhaa dakika ya 9 mtandao ulikatika, hapo hakuna sauti kabisa, na pale mzee alipocheka kwa nguvu vilele vya wimbi vimekatwa bapa kwa hiyo maneno mawili yamepasuka. Tukayaacha kama yalivyo. Msikate ukimya wala sehemu mbovu ili faili iwe fupi, muda ukisogea basi dakika na sekunde zilizoandikwa kwenye unukuzi hazitalingana tena na faili ya asili, na chaneli ya muulizaji haitakwenda sambamba na ya mkulima.

Kutuma nako kuna mambo. Hiyo WAV ya Hz 16000 ni kama MB 2 kwa dakika, dakika 12 inafika MB 23 hivi. Mtu anaona kubwa anaigeuza kuwa MP3 ya kiwango cha chini, na MP3 ikibanwa sana inaanza kutupa hizo hizo konsonanti dhaifu tulizokuwa tunazihangaikia. Kama unatuma kwa WhatsApp itume kama dokyumenti, ili ifike jinsi ilivyo. Mwanafunzi wetu alimpelekea mnukuzi vitu vinne: mkulima.wav, faili ya muulizaji peke yake, faili ya asili ambayo haijaguswa, na karatasi moja yenye majina ya watu wa kikundi, vijiji na aina za korosho zilizotajwa, na juu ya karatasi akaandika usikilize kwa hedifoni sio spika ya simu.