Ilikuwa ya ghafla au ilikuwa sugu?

Mtu akinijia tena na habari kwamba shemeji yake alipona homa ya ini B kwa chupa mbili za dawa ya mizizi, nitamuuliza swali moja tu: ilikuwa ya ghafla au ilikuwa sugu? Hapo ndipo mazungumzo hukwama, maana mwenzangu hudhani nimemuuliza kama ilikuwa ndogo au kubwa. "Ilikuwa kubwa, dakta! Mato yalikuwa manjano kama bizari!"

Sikuuliza hilo. Tunaposema ugonjwa ni wa ghafla au ni sugu (wagonjwa wangu wengi husema "kroniki", na wakilitamka huliteremshia sauti kama wanataja maiti), tunazungumza habari ya muda. Umeanza lini, na umekaa kwa muda gani. Ukali wake ni swali lingine kabisa. Mafua ni ya ghafla. Kipindupindu nacho ni cha ghafla, na kinaweza kumuua mtu mzima kabla jua halijazama. Pumu ni sugu, na wako manahodha wenye pumu wanaotweka tanga kila siku ya Mungu. Naelewa kosa linakotoka, kwa kuwa mtaani "sugu" ni kile kisichosikia dawa na "kali" ni kile kinachouma. Lakini katika homa ya ini B kosa hilo lina gharama, kwa sababu ugonjwa huu unakwenda kinyume kabisa na mtu anavyotarajia. Anayetisha kumtazama mara nyingi ndiye anayepona. Asiyeumwa na chochote ndiye anayebaki nao.

Nitaeleza kwa watu wawili. Nimewaunda kutokana na wengi niliowaona, nikabadilisha mambo ili asijitambue mtu.

Wa kwanza ni nahodha wa mashua, umri miaka 27. Alichoka, akachukia chakula, mkojo ukawa kama chai ya rangi, kisha macho yakageuka manjano. Nyumbani walisema ni nyongo. Vipimo vikaonyesha HBsAg iko, yaani kirusi kimo mwilini. ALT, kimeng'enya kinachovuja chembe za ini zinapoumia, ilikuwa 1,400 badala ya kuwa chini ya 40. Kingamwili ya awali dhidi ya kiini cha kirusi, ile inayoandikwa IgM anti-HBc, ilikuwepo pia. Picha hiyo ni ya maambukizi mapya. Aliyapata mwezi mmodi hadi minne nyuma, pengine zaidi kidogo.

Manjano yale kwa sehemu kubwa hayakuletwa na kirusi chenyewe. Ni kinga yake mwenyewe iliyoamka, ikawa inashambulia chembe za ini ambamo kirusi kimejificha. Ndiyo maana alionekana mahututi hali mwili wake unashinda vita. Mtu mzima mwenye kinga nzima akiambukizwa, katika kila watu 100 takriban 95 hukitoa kirusi wenyewe bila dawa yoyote. Nilimpa mapumziko, nikamkataza pombe, panadoli za ovyo na mizizi, na nikamwambia mkewe dalili za kumkimbiza hospitali: akianza kuchanganyikiwa, akilala mchana kutwa asiamke vizuri, akitoka damu kwenye ufizi, au akitapika bila kukoma. Hapo ini linazima. Hutokea kwa wachache, chini ya mmoja katika 100, lakini likitokea ni la siku chache tu. Kwa hiyo wanaodhani "ya ghafla" maana yake ni nyepesi nao wamepotea.

Baada ya miezi mitatu ALT ilikuwa imeshuka. Baada ya sita, HBsAg haikuwepo tena. Kapona. Na sasa fikiria kwamba katikati ya miezi hiyo alikunywa chupa mbili za mizizi. Nani angepata sifa?

Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Ushuhuda wa barazani si uwongo. Mtu kweli aligeuka manjano, kweli alikunywa dawa, kweli akapona. Ila ugonjwa wa namna hiyo humwacha mtu mwenyewe, na yule anayepewa ushuhuda huo ana ugonjwa wa namna nyingine. Ukitaka kujua kama dawa fulani inaondoa homa ya ini B, usiniletee mtu aliyekuwa manjano. Niletee mtu ambaye HBsAg yake ilionekana mara mbili, vipimo vimepishana miezi sita, akanywa dawa hiyo, kisha ikatoweka. Bado nangoja, na chai ipo.

Wa pili ni fundi wa majahazi wa Matondoni, miaka 34. Hakuwa na lolote. Alikwenda kumtolea damu jamaa yake aliyefanyiwa upasuaji, damu ikakataliwa kwa sababu HBsAg ilionekana. ALT yake ilikuwa 28. Macho meupe, anakula vizuri, anabeba mbao. Nilipompima tena baada ya miezi sita HBsAg ilikuwa pale pale, na hapo ndipo nilipoandika neno "sugu" kwenye kitabu chake. Akalisoma, akakaa kimya, kisha akauliza kama aandike wasia.

Huyu kwa dhana yangu aliambukizwa utotoni, pengine wakati wa kuzaliwa. Mtoto mchanga akiambukizwa, kinga yake changa haikitambui kirusi kama adui, basi haipigani, na kwa kuwa haipigani hapati manjano. Takriban 90 katika kila watoto wachanga 100 wanaoambukizwa hubaki nacho maisha. Kirusi kile kile, takwimu zimepinduka, kwa sababu ya umri tu.

Je, sugu maana yake anakufa? Hapana. Maana yake kipo na kitaendelea kuwepo, na kazi yetu ni kuangalia kama kinaharibu. Kwa wengine hukaa miaka kimetulia. Kwa wengine, polepole, ini hujaa makovu, na baadhi yao hupata saratani ya ini, mara nyingine hata kabla ya makovu kuenea. Kwake idadi ya virusi ilikuwa 900, chini ya kile kiwango cha 2,000 kinachotutia wasiwasi kikiambatana na ALT iliyopanda. Tukapiga hesabu rahisi ya makovu, iitwayo APRI, inayohitaji vitu viwili tu: AST, kimeng'enya kingine cha ini, ambayo kwake ilikuwa 26 na kikomo chake ni 40, na chembe sahani za damu, ambazo zilikuwa 240:

```
APRI = (26 / 40) x 100 / 240 = 0.27
```

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema ikizidi 0.5 fikiria dawa. Yake haikufika, hana virusi vya Ukimwi, na hakuna aliyekufa kwa saratani ya ini katika ukoo wake. Basi hakuanza tenofovir. Anarudi kila miezi sita. Angeianza, ingekizuia kirusi kisizaliane, lakini ni nadra kukiondoa kabisa, na huenda angeinywa kwa miaka mingi.

Sasa yale ambayo vitabu huyapitia haraka. Miezi sita ni mpaka tuliouchora sisi. Hakuna kinachobadilika kwenye ini usiku wa siku ya mwisho. Wako wachache wanaokitoa kirusi mwezi wa saba au wa nane. Pili, siku ya kwanza siwezi daima kukwambia uko upande gani. Ile IgM husaidia, lakini mwenye ugonjwa sugu ambao umelipuka ghafla anaweza kuwa nayo pia, awe manjano na ALT ipande hadi maelfu, afanane kabisa na nahodha wangu. Nikimwona mtu wa namna hiyo bila rekodi za zamani, nakisia, na kukisia kwangu huishia kwenye maneno "rudi baada ya miezi sita". Wagonjwa hudhani namfukuza mtu. Ukweli ni kwamba muda wenyewe ndio kipimo.

Fundi wetu alipopigwa ultrasaundi likaonekana jambo jingine: doa la sentimita mbili kwenye ini. Kwa mtu asiye na kirusi pengine ningetulia. Kwake sikuthubutu, akavuka Mokowe akapanda basi la Mombasa kwa skani yenye dawa ya mshipani. Doa likajaa dawa kuanzia ukingoni kuelekea katikati, polepole, jinsi mafundo ya mishipa ya damu yanavyojaa. Saratani ya ini kwa kawaida hufanya kinyume: hung'aa mapema, kisha hufifia haraka. Kwa hiyo jibu likawa uvimbe usio wa saratani.

Ndugu zake wakasikia "hauna madhara". Kwa doa lile la sentimita mbili, wamepatia. Ila nisiache lipite, kwa sababu nimeona akina mama wenye uvimbe wa kizazi walioambiwa hivyo hivyo, wakaendelea kuvuja damu kila mwezi mpaka damu ikashuka hadi 5.8 na wakaletwa wamebebwa. Uvimbe usio wa saratani umejibu swali moja tu, kama unavamia nyama za jirani na kusafiri kwenda kwingine. Haujajibu kama unatoa damu, unabana kitu, au uko mahali pabaya.

Na mwisho mkewe. Kula sinia moja hakuambukizi, kikombe hakiambukizi; wembe, mswaki na kitanda ndivyo vya kuangalia. Alipimwa, hana kirusi, akachomwa sindano tatu za chanjo: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Mwezi mmoja baada ya ya mwisho akaja na karatasi ya maabara mkononi, macho mekundu, kwa sababu imeandikwa "pozitivu".

"Umesoma mstari gani, mama?"

"Huu, dakta. Mimi pia nimekipata."

Mstari ulisema anti-HBs pozitivu, 340. Hiyo ni kinga. Kuanzia 10 tunahesabu mtu amelindwa. HBsAg, mstari wa juu yake, ilikuwa negativu. Herufi karibu zile zile, karatasi ile ile, na pozitivu moja ni kirusi, nyingine ni ngao. Nikamzungushia mistari yote miwili kwa kalamu. Akauliza kuhusu watoto. Wawili walipata chanjo zao za wiki ya 6, 10 na 14, kadi zipo. Yule mkubwa kadi imepotea, kwa hiyo aletwe Jumatatu, tumpime yote mawili.